Kitongoji kipi kinaongoza? Modi ya safu na namna ya kuamua sare

*Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Mwenyekiti anataka kujua kitongoji kipi kinaleta korosho mara nyingi zaidi, tuweke huko mzani wa pili kupunguza foleni. Fomula niliyoweka kwenye Excel ilinipa Sokoni. Mwenzangu akapanga jedwali kwa alfabeti, fomula ileile ikasema Majengo. Yupi sahihi? Na mara zikilingana nifanyeje?*

Ndugu karani, salaam kutoka Mtwara mjini. Nimelifungua jedwali ulilotuma na nimelipitia mstari kwa mstari. Jibu fupi ni kwamba si Sokoni wala Majengo peke yake. Fomula yenu ilikuta sare ikachagua upande mmoja bila kuwaambia, na sare yenyewe iliyoiona haikuwa ya kweli. Nitaanza na fomula, kisha tusafishe majina, halafu tuje kwenye sare iliyobaki, maana hiyo ndiyo mwenyekiti atakayoulizwa na wanachama.

Fomula uliyotumia ni hii, na wengi wanaitumia kwa sababu `MODE`, inayotafuta modi, yaani kile kinachojirudia kuliko vyote, yenyewe inasoma namba tu, majina haiyaoni kabisa:

```
=INDEX(B2:B28,MODE(MATCH(B2:B28,B2:B28,0)))
```

Tazama inavyofanya kazi kwenye jedwali lako. `MATCH` inachukua kila jina na kuuliza: jina hili lilionekana mara ya kwanza kwenye mstari wa ngapi? Mstari wako wa kwanza ni Sokoni, kwa hiyo Sokoni inapewa 1. Unaofuata ni Majengo, inapewa 2. Wa tatu ni Sokoni tena, inarudishiwa 1 ileile. Wa nne Mwembeni, 4. Wa tano Mjimwema, 5. Mwisho wake safu ya majina imegeuka kuwa safu ya namba: 1, 2, 1, 4, 5 na kuendelea. Hapo sasa `MODE` ina kitu cha kuhesabu. Inatafuta namba iliyojirudia kuliko zote, na `INDEX` inaigeuza namba hiyo kuwa jina.

Kwenye safu yako namba 1 imejirudia mara 7 na namba 2 imejirudia mara 7. `MODE` imeumbwa kutoa jibu moja tu. Zikilingana, Excel inachukua ile iliyotangulia kuonekana ikisoma kutoka juu kwenda chini. Jedwali likiwa limepangwa kwa tarehe, Sokoni ndiyo iko juu, kwa sababu tu mkulima wa Sokoni aliwahi kufika ghalani asubuhi ya siku ya kwanza. Mwenzako alipopanga kwa alfabeti, Majengo ikapanda juu kwa sababu M inatangulia S. Hakuna aliyekosea kubonyeza. Mlichopima ninyi wawili ni nani yuko juu ya jedwali.

Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kugundua sare iliyofichwa. Chukua nakala ya faili, panga upya kwa safu nyingine, tazama jibu. Likibadilika, kuna sare. Lisipobadilika, bado usitulie, maana inawezekana mpangilio wa pili nao umeacha jina lilelile juu. Kipimo cha uhakika ni kuhesabu kila jina na kuziona hesabu zote kwa macho, na ndiko ninakokupeleka.

Lakini kabla ya hesabu, majina. Nilipopitia safu B niliona vitongoji vinne tu ambavyo mtu angevitaja kwa mdomo: Sokoni, Majengo, Mjimwema na Mwembeni. Excel iliona saba. Simama kwenye seli B9, iliyoandikwa Majengo, kisha kwenye seli yoyote tupu andika:

```
=LEN(B9)
```

Inakupa 8. Hesabu mwenyewe herufi za Majengo kwa kidole: ni 7. Ya nane ni nafasi tupu iliyobonyezwa baada ya herufi ya mwisho. Jicho haliioni, lakini kwa Excel hiyo "Majengo " ni kitongoji kingine. Jambo hilohilo limetokea kwa Mjimwema: mstari mmoja una nafasi tupu mwishoni, na mistari miwili imeandikwa "Mji Mwema", maneno mawili. Nadhani ni karani wa zamu nyingine, kwa sababu mistari yote miwili ni ya siku moja.

Kwa hiyo Excel ilihesabu hivi: Sokoni 7, Majengo 7, Mjimwema 5, "Mji Mwema" 2, Mwembeni 4, "Majengo " 1, na "Mjimwema " 1. Jumla 27, sawa na mizigo yako yote. Ukiyakusanya majina yaliyopasuka, unapata Majengo 8, Mjimwema 8, Sokoni 7, Mwembeni 4. Jumla ni 27 vilevile. Sokoni, iliyokuwa jibu lako la kwanza, haimo tena kwenye sare. Na Mjimwema, ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja, iko kileleni. Ndiyo maana sipendi mtu aanze kubishana juu ya sare kabla hajapiga `LEN` kwenye majina machache. Kosa la tahajia haligawanyiki sawa kwa kila jina. Linamwonea yule ambaye jina lake lina njia nyingi za kuandikwa, na Mjimwema ina njia nyingi kuliko Sokoni.

Kusafisha si kazi kubwa. Jedwali lako lina tarehe kwenye A, kitongoji kwenye B, kilo kwenye C na namba ya mkulima kwenye D. Acha B ilivyo, iwe ushahidi wa kilichoandikwa ghalani. Kwenye E2 weka fomula hii kisha iburute hadi E28:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))
```

`TRIM` inaondoa nafasi tupu za mwanzo na za mwisho, na kama katikati zimebonyezwa mbili inaacha moja. Ile sehemu ya `CHAR(160)` nimeiweka kwa sababu kuna nafasi tupu ya aina nyingine, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za mtandao, ambayo `TRIM` peke yake haiigusi. Ukimwona mtu amepiga `TRIM` na jina bado limepasuka, mara nyingi ni hiyo.

"Mji Mwema" haitatoka kwa `TRIM`, kwa sababu nafasi moja ya katikati ni halali. Usishawishike kuondoa nafasi zote za katikati kwa fomula, maana siku mkipokea mzigo wa Mnazi Mmoja utakuwa MnaziMmoja. Hapa anahitajika mtu anayeijua kata. Muulize anayevijua vitongoji kama Mjimwema na Mji Mwema ni mahali pamoja. Ninyi mmeniambia ni pamoja, basi chagua safu B, nenda Ctrl+H, tafuta "Mji Mwema", weka "Mjimwema". Ila fanya hivyo kwenye nakala ya faili, ili B ya faili ya awali ibaki ilivyo, na uandike pembeni kwamba mistari miwili ilisahihishwa. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue: kwa `COUNTIF` na `MATCH`, MAJENGO na majengo ni jina moja.

Majina yakishatulia, hesabu zote zipate kuonekana. Kama Excel yako ni ya 2021 au ile ya kulipia kwa mwaka, fomula moja inatoa vinara wote kwa pamoja:

```
=LET(v,UNIQUE(E2:E28),n,COUNTIF(E2:E28,v),FILTER(v,n=MAX(n)))
```

Isome polepole. `v` ni orodha ya majina yasiyorudiwa. `n` ni idadi ya kila moja. Mwisho inasema: nipe kila jina ambalo idadi yake ni sawa na idadi ya juu kabisa. Neno la maana hapo ni "kila". Haiulizi nani alitangulia. Kwenye jedwali lako inaandika majina mawili, Majengo na Mjimwema, moja chini ya jingine, na hata ukipanga upya mara kumi yatabaki hayohayo mawili, ingawa yanaweza kubadilishana nafasi ya juu na ya chini.

Kama ghalani mna Excel ya zamani, tumia PivotTable. Buruta safu ya kitongoji kilichosafishwa kwenye Rows, kisha ileile uiburute tena kwenye Values, itajihesabu yenyewe. Panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Kwa kweli hata mwenye Excel mpya ningemshauri aitazame hii pia, kwa sababu inaonyesha kwamba Sokoni iko 7, imeachwa kwa mzigo mmoja tu. Fomula inayotoa vinara peke yake inaficha jambo hilo.

Kuna mitego miwili kwenye fomula ya `LET` ambayo nataka uijue. Wa kwanza ni seli tupu. Karani akisahau kuandika kitongoji, safu E itakuwa na seli isiyo na kitu, na fomula itaihesabu kama jina. Seli hizo zikiwa 9, "kinara" wako atakuwa utupu: utaona fomula imekubali lakini haijaandika chochote. Fomula yako ya mwanzo ingetoa `#N/A` kwenye hali hiyo, ambayo walau inapiga kelele. Kwa hiyo jaza seli tupu kutoka kwenye daftari la kupokelea kabla hujahesabu. Mtego wa pili: kama hakuna jina lililojirudia hata moja, `MODE` inatoa `#N/A`, lakini fomula ya `LET` itakumwagia safu nzima, kwa sababu kila jina lina 1 na 1 ndiyo idadi ya juu. Ukiona orodha ndefu ajabu, maana yake safu haina modi, si kwamba una vinara ishirini.

Sasa sare yenyewe. Majengo 8, Mjimwema 8. Kitakwimu hakuna la kutatua hapo: safu yako ina modi mbili, na jibu sahihi ni kuzitaja zote mbili. Sare si hitilafu ya hesabu. Nasema hivi kwa sababu nililipia. Miaka ya nyuma, nikiwa kijana kwenye ofisi moja mkoani Lindi, nilipewa kutafuta idadi ya watu inayojitokeza zaidi katika kaya za vijiji fulani. Zilikuja mbili, 4 na 6, zimelingana. Nikaona aibu kupeleka majibu mawili, nikachukua la katikati, nikaandika 5. Kaya za watu 5 zilikuwa chache kuliko zote mbili. Nilikuwa nimeandika idadi ambayo haikuwa ya kawaida popote, na vyandarua vikagawiwa kwa hesabu hiyo. Tangu siku hiyo, modi mbili nazipeleka mbili. Kwa majina ni rahisi kuona upuuzi huo, kwa sababu hakuna kitongoji cha katikati ya Majengo na Mjimwema. Kwa namba kishawishi ni kikubwa.

Ila najua mzani ni mmoja na mwenyekiti hawezi kuukata. Kwa hiyo inahitajika kanuni ya pili, na kanuni hiyo itoke kwenye kazi ambayo mzani utafanya. Isitoke kwenye alfabeti, wala kwenye nani aliwahi. Nimejaribu mbili kwenye jedwali lako.

Ya kwanza ni kilo:

```
=SUMIFS(C2:C28,E2:E28,"Majengo")
```

Majengo inatoa kilo 1,680. Badilisha jina uweke Mjimwema, inatoa 1,920. Kwa kilo, Mjimwema inashinda. Lakini tazama mizigo yenyewe. Mjimwema ilileta 80, 80, 160, 80, 80, 160, 80, kisha mzigo mmoja wa 1,200. Saba za kwanza ni gunia moja moja au mawili mawili, na ule wa nane ni magunia 15 ya mtu mmoja. Ukiutoa huo, Mjimwema inabaki na kilo 720. Majengo haina mzigo wa namna hiyo, mkubwa wake ni 400. Ushindi wa Mjimwema kwa kilo umebebwa na mkulima mmoja, na mwenye magunia 15 ana usafiri wake, hasubiri foleni na gunia begani.

Ya pili ni idadi ya wakulima tofauti, kwa Excel mpya:

```
=ROWS(UNIQUE(FILTER(D2:D28,E2:E28="Majengo")))
```

Majengo ni wakulima 7 katika mizigo 8. Mjimwema ni wakulima 5 katika mizigo 8. Kwa kanuni hii Majengo inatangulia.

Umeona, kanuni mbili, washindi wawili. Kwa hiyo kuchagua kanuni ndiko kuchagua mshindi, na hapo ndipo uaminifu wa karani unapopimwa. Kama mnaweka mzani wa pili kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mzigo mpaka ghala kuu, kilo ndizo zinazosema. Kama ni kwa sababu wazee wanatembea mbali na kusimama foleni siku nzima, wakulima ndio wanaohesabiwa. Barua yako ilitaja foleni, kwa hiyo mimi ningesimama na wakulima. Lakini kanuni hiyo mwenyekiti aitamke na bodi iiandike kwenye muhtasari kabla ya kuona jina litakalotoka. Ikichaguliwa baada ya kuona, mtu wa Mjimwema atauliza kwa nini, na hamtakuwa na la kumjibu, hasa kama mjumbe mmoja wa bodi anatoka Majengo.

Kuna kitu kingine kilichonisumbua kuliko sare yenyewe. Mizigo 27 ni ya siku tatu za mwanzo wa Oktoba. Tofauti ya kwanza na ya tatu ni mzigo mmoja. Mkulima mmoja wa Sokoni akija kesho, mnakuwa na sare ya vitongoji vitatu, wakija wawili, Sokoni inaongoza peke yake. Modi ya namna hii inayumba. Fanya jaribio dogo: futa siku moja kwenye nakala yako, hesabu, irudishe, futa nyingine. Kama kinara anabadilika kila unapofuta siku, hujapata kinara, umepata vitongoji vitatu vinavyokaribiana na kimoja kilicho nyuma, Mwembeni. Hilo lenyewe ni jibu la maana kwa mwenyekiti: mzani usiende Mwembeni, na kati ya vitatu vilivyobaki ni vyema kusubiri. Daftari la msimu uliopita unalo. Liingize lote, kuanzia Oktoba mpaka mnada wa mwisho, na hesabu tena. Sare za siku tatu nyingi huyeyuka kwenye mistari elfu moja. Na isipoyeyuka, basi kweli vinalingana, na kanuni ya pili itatumika kwa moyo mweupe.

Ukiingiza data hiyo, kumbuka fomula zote nilizokupa zinaishia mstari wa 28. Excel haitakuonya kwamba mistari iliyo chini yake haikuhesabiwa, itatoa jibu la zamani kana kwamba hakuna kilichoongezeka. Bonyeza ndani ya data, kisha Ctrl+T, igeuke kuwa Table, halafu uandike fomula upya ukichagua safu za Table hiyo. Zitarefuka zenyewe kila mzigo unapoingia.

Kwenye karatasi ya mwenyekiti, kwa sasa, mimi ningeandika hivi: "Mizigo 27, siku tatu. Majengo 8, Mjimwema 8, Sokoni 7, Mwembeni 4. Majengo na Mjimwema sare. Wakulima tofauti: Majengo 7, Mjimwema 5. Kilo: Majengo 1,680, Mjimwema 1,920, ambazo 1,200 ni mzigo mmoja. Majina matatu ya Mjimwema na moja la Majengo yalisahihishwa tahajia. Hesabu ya msimu mzima inafuata." Usiweke jina moja lililokolezwa wino juu ya karatasi. Ziweke namba hizo zote mahali pamoja, ili atakayesimama mkutanoni kuuliza azione kama ulivyoziona wewe.